Mwisho wa siku, ya wapi?

> "Fomu ya ufadhili wa Tokyo imeandikwa dedlaini ni mwisho wa siku tarehe 30. Niko Nairobi, nihesabu saa za wapi?"

Hesabu za Tokyo, dada. Kama tangazo halikutaja saa za mahali, anayepokea ndiye mwenye saa. Tokyo wako mbele yetu kwa saa 6, kwa hiyo saa 5:59 usiku kwao ni saa 11:59 jioni hapa, tarehe 30 hiyo hiyo. Mimi niliwahi kutuma saa 2 usiku nikidhani bado nina muda. Kitufe cha kutuma kilikuwa kimeshakuwa cha kijivu, hakibonyezeki, na kazi ya wiki tatu ikaishia hapo. Iliniuma sana.

Tena wengine wakisema mwisho wa siku wanamaanisha ofisi inapofungwa. Ikifungwa saa 11 jioni kwao, hapa ni saa 5 asubuhi. Waandikie barua pepe leo uwaulize saa na majira kamili. Wasipojibu, shika hiyo saa 5 asubuhi.

Kwenye kalenda ya simu, weka tukio ukichagua majira ya Tokyo, si ya Nairobi. Simu itakugeuzia yenyewe. Ila tuma tarehe 29, ungoje barua ya kuthibitisha. Isipofika, ingia tena uangalie: fomu inayosema "Draft" haijatumwa.

Ingekuwa New York, siku yao inaisha asubuhi yetu ya kesho yake. Ukiona "AoE", yaani "Anywhere on Earth", siku inahesabiwa mpaka iishe kila mahali duniani, kwa hiyo hapa una hadi saa 8:59 mchana kesho yake.