Dhahabu imepanda, hisa za mgodi zimeshuka: kwa nini?

Swali: Nilinunua hisa za kampuni ya kuchimba dhahabu nikijua ni sawa na kumiliki dhahabu yenyewe. Sasa dhahabu imepanda kwa asilimia 10 na hisa zangu zimeshuka. Inakuwaje?

Jibu: Ndugu msomaji, mwenye hisa anamiliki kile kinachobaki baada ya dhahabu kuchimbwa, kusafishwa na kulipiwa kila kitu. Bei ya hisa hufuata mabaki hayo, pamoja na yale ambayo soko linatarajia miaka ijayo.

Chukua mfano wa mgodi unaotumia dola 1,500 kupata wakia moja, na dhahabu inauzwa dola 2,000. Faida ni dola 500. Dhahabu ikipanda asilimia 10 hadi 2,200, na gharama zisipobadilika, faida inakuwa 700: imekua kwa asilimia 40. Ikishuka hadi 1,800, faida inabaki 300. Ndiyo maana hisa hizi kwa kawaida huyumba kuliko dhahabu, juu na chini.

Lakini gharama hazitulii. Dizeli na umeme vinaweza kupanda wakati huohuo, au mgodi ukafikia mbale yenye dhahabu kidogo, ikabidi kusaga mawe mengi zaidi kupata wakia ileile. Gharama zikifika 1,750 huku dhahabu ikiuzwa 2,200, faida ni 450, chini ya ile ya mwanzo. Nadhani hapa ndipo pa kuanzia kutafuta jibu la hisa zako.

Sababu ya pili haionekani kirahisi: huenda kampuni ilikwisha kuuza dhahabu yake kabla ya kuichimba, kwa bei iliyopangwa mapema. Ashanti Goldfields ya Ghana ilijifunga kwa mikataba ya namna hiyo, kwa dhahabu ya miaka kadhaa mbele, ili ijikinge na kushuka kwa bei. Tarehe 26 Septemba 1999, benki kuu 15 za Ulaya zilitangaza kuweka kikomo katika kuuza akiba zao za dhahabu. Ndani ya wiki mbili hivi dhahabu ilitoka chini ya dola 270 ikapita 320. Mikataba ya Ashanti ikageuka hasara kubwa, benki zilizoingia nayo mikataba zikadai dhamana ya fedha taslimu ambayo kampuni haikuwa nayo, na hisa zake zikaporomoka. Dhahabu ilikuwa bado ardhini, ilhali dhamana ilitakiwa mara moja.

Fungua ripoti za robo mwaka za kampuni yako. Tafuta gharama kwa wakia, ambayo kampuni nyingi huiandika kama AISC, uilinganishe kwa robo nne au tano mfululizo. Kisha soma maelezo ya hesabu kuhusu mikataba ya kuuza mbele: ni wakia ngapi, kwa bei gani, hadi lini. Angalia pia idadi ya hisa. Kampuni iliyotoa hisa mpya ili kupata mtaji imegawa faida ileile kwa watu wengi zaidi, na fungu lako limepungua hata kama mgodi unaendelea vizuri.