Jibu: Kazi ya kubana gesi bila joto kutoka

"Moli 1 ya hewa, 300 K, nimeibana hadi robo ya ujazo bila joto kutoka. Kwa nRT ln(V1/V2) napata juli 3,457. Kitabu kinasema 4,620. Nimekosea wapi?"

Fomula hiyo ni ya halijoto isiyobadilika, ndugu. Hapa joto halina pa kutokea, hivyo kazi yote inaishia kuipasha gesi. Tafuta halijoto kwanza, γ ya hewa ikiwa 1.4:

T2 = T1(V1/V2)^(γ−1) = 300 × 4^0.4 ≈ 522 K

Kisha kazi, Cv ya hewa ikiwa juli 20.8 kwa moli kwa kelvini:

W = nCv(T2 − T1) = 20.8 × 222 ≈ 4,620 J

Tumia kelvini tu. Ukiweka 27 za selsiasi utapata 47, kichekesho. Shika kitako cha pampu kwa fundi baiskeli pale Kirumba akijaza tairi: kinachoma, ingawa hakifiki selsiasi 249, yaani zile 522 K, maana chuma chake kinavujisha joto.