Hasara ya CTC: irabu mbili zinazofuatana na fremu zisizotosha

*"Nina rekodi na maandishi yake tu, sijui kila herufi inaanza wapi. CTC inapangaje fremu kwa herufi bila mtu kuzipanga? Na kwa nini kwangu `loss` inaandika `inf`, halafu nikiweka `zero_infinity=True` inatulia lakini modeli inaandika 'kata' mahali pa 'kataa'?"*

Maswali yako yote yanakutana katika kitu kimoja, nacho ni ile alama tupu ambayo Alex Graves na wenzake waliiongeza kwenye orodha ya herufi walipoieleza CTC, yaani Connectionist Temporal Classification, njia ya kufunza mtandao kuandika usemi bila herufi kupangwa kwa mkono, mwaka 2006. Nami niliwahi kunaswa papo hapo uliponaswa wewe, kwa hiyo nitaeleza kwa kufuata njia niliyopita.

Mtandao wa neva hupokea fremu za sauti, yaani vipande vifupi vinavyofuatana vya rekodi, na kwa kila fremu hugawa uwezekano kati ya herufi zote pamoja na alama tupu, ambayo hapa nitaiandika `_`. Ukichagua alama moja kwa kila fremu unapata mfuatano unaoitwa njia. Njia husomwa kwa kanuni yenye hatua mbili zisizobadilishana nafasi: kwanza alama zinazofanana zilizoshikana huunganishwa kuwa moja, kisha alama tupu huondolewa. Hivyo `ss_aa` na `_s_a_` zote husomeka "sa". Neno "saa" ni jingine kabisa, kwa sababu `s_aaa` nayo husomeka "sa". Ili irabu zibaki mbili ni lazima alama tupu ikae katikati yake, kama katika `sa_a_`. Watu wengi hudhani alama tupu ni ukimya. Sivyo: maana yake ni kwamba katika fremu hii hakuna herufi mpya ya kuandika, na inaweza kutokea katikati ya irabu inayosikika vizuri kabisa.

Sasa, CTC haitafuti mpangilio mmoja ulio sahihi. Huchukua njia zote zinazosomeka kama maandishi uliyoipa, hujumlisha uwezekano wake, na hasara ni logi hasi ya jumla hiyo. Neno "saa" katika fremu 4 lina njia moja tu, yaani `sa_a`; katika fremu 5 lina njia 7; katika fremu 20 lina njia 74,613. Kompyuta haizipitii moja baada ya nyingine. Huandika neno likiwa limezungukwa na alama tupu, `_ s _ a _ a _`, ambazo ni nafasi 7, kisha hujaza jedwali fremu baada ya fremu. Katika kila fremu unaweza kubaki kwenye nafasi uliyopo, kusogea nafasi moja mbele, au kuruka alama tupu na kutua kwenye herufi inayofuata, ila kuruka huko kunaruhusiwa tu ikiwa herufi hizo mbili ni tofauti. Kutoka `s` kwenda `a` unaweza kuruka. Kutoka `a` kwenda `a` huwezi.

Jedwali la pili hujazwa kutoka mwisho kurudi mwanzo, na ukiyazidisha mawili hayo unapata, kwa kila fremu, ni sehemu gani ya uwezekano wote wa njia halali inayopita kwenye kila alama. Gradienti inayorudi kwenye mtandao, kabla ya uwezekano kusawazishwa ujumlike kuwa moja, ni tofauti kati ya uwezekano ambao mtandao umeutoa na sehemu hiyo. Upangaji unaouuliza hutokea hapa: mwanzoni kila herufi imetawanywa kwenye fremu nyingi kama ukungu, lakini kwa kuwa `a` ileile hukutana na sauti ileile katika maelfu ya rekodi, fremu zinazofanana na `a` huanza kuvuta njia upande wao, na mzunguko unaofuata sehemu zile huwa zimekaza zaidi. Hakuna aliyeuambia mtandao herufi iko wapi. Alichoambiwa ni utaratibu wa herufi peke yake.

Kuhusu `inf`, jaribu hili:

```python
import torch, torch.nn.functional as F

lengo = torch.tensor([[1, 2, 2]])   # s a a; 0 ni alama tupu
for T in (3, 4, 5):
    lp = torch.zeros(T, 1, 3).log_softmax(2)
    print(T, F.ctc_loss(lp, lengo, torch.tensor([T]),
                        torch.tensor([3]), reduction="sum").item())
```

Utaona `inf` kwa fremu 3, kisha takribani 4.394 kwa fremu 4, na 3.547 kwa fremu 5. Mtandao huu wa kubuni unagawa theluthi moja kwa kila alama. Kwa fremu 4 kuna njia moja yenye uwezekano wa 1/81, na kwa fremu 5 kuna njia 7, kila moja ikiwa na 1/243. Kwa fremu 3 hakuna njia hata moja, ijapokuwa neno lina herufi 3, na logi hasi ya sifuri ni kile unachokiona kwenye skrini. Nimeweka `reduction="sum"` kwa makusudi, maana chaguo la kawaida, `mean`, hugawa hasara kwa urefu wa maandishi kwanza, na namba zisingelingana na hesabu ya mkono.

Fremu za chini zinazohitajika, basi, ni idadi ya herufi, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa, ukiongeza idadi ya mahali ambapo herufi ileile imefuatana. Lugha yetu hulipa gharama hii kila mara. Sentensi iliyonifumbua macho ilikuwa "amekataa kukaa hapa saa hii". Ina alama 27, na irabu zimefuatana mahali panne, kwa hiyo inahitaji fremu 31. Msemaji aliitamka harakaharaka kwa sekunde 2. Spektrogramu yangu ilikuwa na fremu moja kila milisekunde 10, yaani fremu 200, lakini tabaka za konvolusheni mwanzoni mwa mtandao zilikuwa zinapunguza fremu mara 8 ili mafunzo yaende kasi, na kilichofika kwenye hasara kilikuwa fremu 25. Tena angalia kwamba urefu unaopaswa kupewa `ctc_loss` ni huo wa baada ya kupunguza.

Nilifanya ulichofanya. Niliweka `zero_infinity=True`, namba zikatulia, nikaendelea kwa siku kadhaa nikiamini kwamba nimetengeneza. Chaguo hilo hufanya hasara na gradienti ya rekodi husika ziwe sifuri, maana yake rekodi hiyo haifundishi chochote. Lina matumizi yake pale unapojua ni rekodi chache mbovu. Ubaya wake ni kwamba rekodi zinazotupwa hazitupwi kwa bahati nasibu: hutupwa za wasemao haraka na za sentensi zenye "saa", "kataa", "hii", yaani zilezile ambazo modeli ilihitaji kuziona ili ijue kuandika irabu mbili. Hata zinazosalia zinabanwa. Tuseme "aa" ya mwisho wa "kataa" inachukua milisekunde 200. Fremu moja ikiwa ni milisekunde 80, hapo pana fremu mbili na nusu, na modeli inatakiwa kuandika `a`, `_`, `a`. Ikiandika "kata", sioni kwa nini tuilaumu.

Kabla ya kufunza tena, pitisha maandishi yote kwenye kipimo hiki na ulinganishe na fremu ulizonazo baada ya kupunguza:

```python
def fremu_za_chini(m):
    return len(m) + sum(a == b for a, b in zip(m, m[1:]))
```

Mimi niliishia kupunguza mara 4 badala ya 8. Sentensi ile ikapata fremu 50, na mafunzo yakawa mazito zaidi, kwani fremu zilikuwa maradufu. Njia nyingine ni kuacha herufi na kutumia silabi: "kataa" huwa `ka`, `ta`, `a`, hakuna kinachojirudia, na urefu wa lengo hupungua karibu nusu. Usidhani tatizo limekufa lakini, maana limehama tu kutoka "saa" kwenda "baba" na "mama".

Kuna kosa jingine linalotoa dalili hiyohiyo, na kwa hili sina wa kumlaumu ila mimi mwenyewe. Kwenye msimbo wangu wa kusoma matokeo niliondoa alama tupu kwanza, kisha ndipo nikaunganisha zinazofanana. Modeli ilikuwa imetoa `__s_aa_a__`, jibu sahihi kabisa, nami nikaligeuza kuwa `saaa`, halafu "sa". Njia ya kutofautisha makosa haya mawili ni kuchapisha alama yenye uwezekano mkubwa kwa kila fremu kabla ya kugusa chochote. Ukiona alama tupu kati ya irabu mbili, modeli inajua na msimbo wako wa kusoma ndio mbovu. Ukiona `aaaa` mfululizo, rudi kwenye kuhesabu fremu.

Usishtuke pia ikiwa mwanzoni mwa mafunzo chapisho hilo litaonyesha alama tupu mwanzo hadi mwisho. Katika lengo lenye herufi U, nafasi U + 1 kati ya 2U + 1 ni za alama tupu, huku kila herufi ikigawana na wenzake nafasi zilizobaki, kwa hiyo wakati mtandao haujui chochote, jambo la kwanza linaloshusha hasara ni kuongeza tupu kila mahali. Hasara hushuka ghafla, kisha hukaa palepale kwa muda, na herufi za kwanza huchomoza baadaye, aghalabu irabu. Kuanza na rekodi fupi katika mzunguko wa kwanza wa data husaidia, na watengenezaji wa Deep Speech 2, modeli ya kutambua usemi, walifanya hivyo. Ikiwa tupu inaendelea baada ya mizunguko kadhaa, kagua kasi ya kujifunza, na uhakikishe kwamba namba ya alama tupu kwenye orodha yako ndiyo ile uliyoipa `blank`.

Mwisho, usichukue fremu ambamo herufi imechomoza ukaifanya kuwa wakati halisi wa herufi hiyo. Hasara hujali utaratibu tu, na modeli ikichelewesha `k` kwa fremu tatu haiadhibiwi mradi haipitwi na `a`. Mtandao unaosoma sauti kutoka pande zote mbili unaweza hata kuiandika herufi kabla haijatamkwa. Mipaka ya maneno huwa inakubalika kwa kukata rekodi ndefu vipande vipande, na hata hapo mimi huacha fremu kadhaa za ziada kila upande. Kwa kupima urefu wa irabu, ambao ndio ungetamani kuutumia kuthibitisha "kataa", mpangilio huo haufai.