Lamu: usizidishe kwa 2 kabla ya kuhesabu vijiji

Swali: "Nafanya utafiti wa kaya Lamu, kujua ni asilimia ngapi wana maji salama. Fomula imenipa kaya 384, msimamizi akaniambia nizidishe kwa 2 kwa sababu nachukua vijiji, ikawa 768. Boti ni ghali, kwa hivyo nataka vijiji 12, kaya 64 kila kijiji. Iko sawa?"

Usilipe hiyo boti bado, ndugu yangu.

Hiyo 2 ndiyo iliyoangusha utafiti wetu. Tulimlipa mtaalamu, akaandika "zidisha kwa 2, ndivyo ifanywavyo", akachukua pesa zake akaenda. Tukazunguka visiwani hadi kaya zikatimia, kisha ripoti ikarudishwa: makadirio hayakuwa na nguvu ya kusema lolote. Mpaka leo naona hasira, kwa sababu hesabu yenyewe ni mstari mmoja na hakutaka kuiandika:

```
DEFF = 1 + (m - 1) * rho
```

`m` ni idadi ya kaya unazohoji katika kila kijiji. `rho` ni kipimo cha jinsi watu wa kijiji kimoja wanavyofanana kwa jambo unalouliza: 0 maana yake hawafanani zaidi kuliko watu wa vijiji tofauti, 1 maana yake ukimhoji mmoja umewahoji wote. DEFF ndiyo unayozidishia ile 384.

Sasa fikiria maji ya Lamu. Kijiji kinachotegemea jabia la maji ya mvua, kaya zake zinateka pale pale. Jabia likikauka, limewakaukia wote. Kuhoji kaya 64 hapo ni kama kuuliza habari moja kwa watu 64 waliokaa baraza moja. Kwa hivyo `rho` ya chanzo cha maji huwa kubwa. Tuseme ni 0.2. Kwa mpango wako, DEFF ni 1 + 63 × 0.2, yaani 13.6. Gawanya 768 kwa 13.6: unabaki na nguvu ya kaya 56 zilizochaguliwa moja moja. Kwa ile 384 ulitaka jibu lisipotoke zaidi ya asilimia 5 juu au chini. Litapotoka kwa asilimia 13.

Utasema basi niongeze kaya. Ongeza ziwe 128 kila kijiji, jumla 1,536. DEFF inapanda hadi 26.4, nawe unapata nguvu ya kaya 58. Kazi mara mbili, faida ya kaya mbili! Na hutavuka 60 hata ukihoji kila mlango, kwa sababu dari yake ni idadi ya vijiji ukigawanya kwa `rho`: 12 kwa 0.2. Hapo ndipo pesa yetu ilipozama.

Igeuze. Kaya zile zile 768, lakini makundi 64 ya kaya 12. DEFF inashuka hadi 3.2, nguvu inakuwa kaya 240, na jibu linapotoka kwa asilimia 6 hivi. Makundi si lazima yawe vijiji vizima; tumia maeneo ya kuhesabia watu ya sensa ya 2019, mji kama Lamu au Mpeketoni utakupa mengi. Ukiitaka ile 5 kamili, 384 × 3.2 ni kaya 1,229, yaani makundi 103. Ongeza makundi kwanza, kaya baadaye. Siku zote.

Na hiyo 2 haikuanguka kutoka mbinguni. Ilizoeleka kwenye tafiti za chanjo za Shirika la Afya Duniani: makundi 30, watoto 7 kila kundi. Walihitaji 96 kwa kupotoka asilimia 10, wakazidisha kwa 2, wakapata 192, wakafikisha 210. Kwa watoto 7, hiyo 2 inabeba `rho` ya 1 ÷ 6, yaani 0.17 hivi. Chukua `rho` hiyo hiyo uweke kaya zako 64, DEFF inakuwa 11.5. Anayekupa 2 bila kukuuliza `m` hajakupa kitu.

`rho` usiibuni. Fungua ripoti ya KDHS 2022, ule utafiti wa taifa wa idadi ya watu na afya wa Kenya, kiambatisho cha makosa ya sampuli, utafute jambo lililo karibu na lako. Angalia sana: pale wameandika DEFT, ambayo ni kipeuo cha pili cha DEFF. Ukikuta DEFT 2, DEFF ni 4; na kwa kuwa walipanga kaya 25 kila kundi, `rho` ni 3 ÷ 24, yaani 0.125. Kwa maji ya visiwani mimi ningeweka juu zaidi ya wastani wa taifa.

Tuambie bajeti yako ya boti inaweza kufika maeneo mangapi, tukuhesabie kaya.