Ruhusa ya msiba kwa dereva wa bodaboda: hadithi inakwama wapi?

Swali: Ninaandika hadithi fupi ya dereva wa bodaboda wa Dar es Salaam anayemwomba mwenye pikipiki ruhusa ya wiki moja akamzike bibi yake. Kwenye rasimu yangu tajiri anasema, "Hapana, siwezi kukuruhusu," kijana analia, hadithi inaisha ukurasa wa pili. Walioisoma, wengine wao madereva, wanasema hawaiamini. Nimekosea wapi?

Jibu: Umemwandika tajiri kana kwamba ni meneja wa ofisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku nne zenye malipo anapofiwa na bibi au babu, lakini dereva wako hana barua ya ajira wala mshahara. Yeye ndiye anayempelekea tajiri pesa kila jioni. Kwa hiyo hakuna anayemzuia kupanda basi. Kinachobishaniwa ni pikipiki: wiki hiyo itakuwa mikononi mwa nani, na hesabu, yaani ile pesa ya kila jioni, italetwa na nani. Madereva waliokusoma waliona swali hilo halipo, wakajua mwandishi hajakaa kijiweni.

Kabla ya kuandika neno jingine, amua makubaliano yao ni ya aina gani. Kama ni hesabu ya kawaida, chombo ni cha tajiri siku zote, na hofu ya kijana ni kurudi akute deiwaka, dereva wa muda aliyeachiwa chombo, ameshakuwa dereva wa kudumu. Kama ni mkataba, kijana analipa kidogo kidogo mpaka pikipiki iwe yake, na hofu inakuwa nzito zaidi. Ningekushauri uchukue mkataba, kwa sababu unampa kitu cha kupoteza ambacho msomaji anaweza kukihesabu.

Tuufanyie kazi. Jumla ya mkataba iwe shilingi 3,600,000, kwa 10,000 kila siku ya kazi, siku sita kwa wiki. Hizo ni wiki 60. Msiba umkute amemaliza wiki ya 52: amelipa 3,120,000, amebakiza 480,000. Sasa weka kwenye karatasi yao sharti moja: akikosa kuleta hesabu siku tatu mfululizo, chombo kinarudi kwa mwenyewe. Hapo hadithi inaanza kujiendesha. Ruhusa ya wiki ina siku sita za hesabu, yaani 60,000, na sharti linavunjika siku ya tatu, yeye akiwa bado matangani. Tajiri hana haja ya kusema hapana. Akisema "nenda tu mwanangu" huku karatasi ikibaki ilivyo, kijana ameshaingia hatarini, na msomaji anaijua hatari hiyo kabla yake.

Wiki yenyewe nayo lazima ithibitike. Kama familia ni ya Kiislamu na nyumbani ni mbali, bibi huenda akazikwa siku ileile, na tajiri ana hoja halali: ameshasitiriwa, unakimbilia nini? Hiyo ni hadithi nzuri, ila ni nyingine, kwa sababu inahusu matanga na wala si maziko. Kwa maziko anayoweza kuyawahi, mtoe kijana Mbinga, mkoani Ruvuma, kwenye familia ya Kikristo inayoweza kumsubiri mjukuu. Taarifa imfikie Jumanne jioni. Jumatano alfajiri apande basi Mbezi Luis, apite Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe. Safari ya Songea ni zaidi ya kilomita 900, kwa hiyo atafika usiku, na Mbinga ataiingia Alhamisi asubuhi. Maziko yawe Alhamisi mchana, tanga lianuliwe Jumapili, Jumatatu wakae kikao cha familia kuhusu shamba la kahawa la marehemu, Jumanne arudi. Siku saba zimekwisha bila hata moja ya mapumziko. Usiyaandike yote haya. Acha kijana ayataje mbele ya tajiri kwa sentensi mbili, kwa sababu anajua ataulizwa.

Tajiri wako sasa. Katika rasimu ana tumbo na gari. Wamiliki wengi wana pikipiki moja au mbili, na pesa ya jioni imeshapangiwa kazi kabla haijafika. Mfanye mama mwenye genge, mwenye marejesho ya vikoba kila Jumamosi. Anapowaza wiki nzima bila hesabu, anaona jina lake likisomwa mbele ya wenzake. Wote wawili wakiwa na haki, mazungumzo yatakuwa na nguvu.

Hapo ndipo sentensi yako ya "siwezi kukuruhusu" inapokufa. Mtu akiletewa habari ya msiba huanza na pole, hata kama ana neno gumu la kusema baadaye. Jaribu hivi:

— Shikamoo mama.

— Marahaba. Mbona mapema leo, kuna usalama?

— Bibi amefariki, mama. Yule mzaa mama, aliyenilea.

— Jamani! Pole sana mwanangu. Alikuwa anaumwa?

— Presha. Wamenipigia sasa hivi. Nimepata basi la alfajiri.

— Mungu ampumzishe. Haya... na pikipiki utaiweka wapi?

Hakuna aliyekataa wala aliyekubali, na tayari tuko ndani ya mgogoro. Angalia pia kwamba kijana ametaja ni bibi yupi bila kuulizwa. Misiba ya bibi imetumika sana kama kisingizio, naye anajua.

Kutoka hapo yapo majibu matatu, kila moja na gharama yake. Pikipiki ilale kwa mama: hesabu inasimama, na sharti la siku tatu liko kazini. Apewe deiwaka atakayechaguliwa na mama: hesabu inakuja, lakini mgeni anaendesha chombo ambacho kijana amekilipia sehemu kubwa. Au kijana amlete deiwaka wake kutoka kijiweni: hapo kijana ndiye mdhamini, na deiwaka akikimbia na pikipiki, deni ni la kijana. Chagua la tatu. Linamlazimisha kumwamini mtu usiku huohuo, akiwa na msiba kichwani.

Makabidhiano na deiwaka yastahili nusu ukurasa, na ndiyo sehemu iliyokosekana kabisa kwako. Kijana angesema oili aliibadilisha lini (injini ya Boxer inakunywa takriban lita moja), mnyororo ulegee kiasi gani, na asibebe mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, kwa sababu klachi imeanza kuteleza. Angekubaliana naye kwamba pancha ni ya anayeendesha, na faini vilevile. Tangu 2021 faini ya bodaboda ni 10,000 badala ya 30,000, na inaandikwa kwa namba ya chombo, kwa hiyo makosa ya wiki moja yanaweza kumsubiri kijana akirudi. Kila kitu anachokisema kuhusu pikipiki kinaonyesha jinsi asivyoweza kuongea kuhusu bibi. Usilieleze hilo. Na kilio kiondoe.

Kimebaki kilele. Kisiwe ruhusa, kiwe sharti la siku tatu. Kijana amwombe mama atume meseji kwamba siku sita hizo hazitahesabiwa kama kukosa hesabu, hata deiwaka akichelewesha, na nakala iende kwa mwenyekiti wa kijiwe aliyeshuhudia mkataba. Kwa mama hilo ni kama kuambiwa haaminiki, tena na mtoto ambaye yeye mwenyewe ametoka kumpa pole, na anaweza kukasirika kwa haki. Andika sehemu hiyo polepole, hata maneno 400 kati ya 2,000. Meseji ikija, iwe fupi kama watu wanavyoandika kweli: "Sawa nenda salama siku 6 nimekupa." Ijumaa deiwaka asipopokea simu, msomaji atairudia meseji hiyo mwenyewe, kwa sababu haikusema chochote kuhusu pikipiki kupotea.