Mteja kakupa nyota moja, na nusu ya maneno yake si kweli

Nauza leso mtaa wa Biashara, hapa Mombasa. Ukichapa jina la duka kwenye Google Maps, miongoni mwa maoni ya kwanza utakayoyaona ni haya, nami sina nguvu ya kuyafuta:

"Wezi watupu. Leso ya 900 nimeuziwa 1,000. Nimengoja kupindiwa tangu adhuhuri mpaka alasiri, kijana wa dukani hata pole hana. Nimefua mara moja tu, imetoa rangi na kuharibu kanzu nyeupe ya mume wangu. Msiende!"

Aliyaandika kumi la mwisho la Ramadhani, wakati kila mtu anataka leso zake zikatwe na kupindwa kabla ya Idi. Jibu la kwanza lililonijia kichwani halifai kuandikwa hapa. Nilikuwa na saumu, na neno "wezi" si dogo kwa mtu ambaye jina la duka lake ni jina la babake.

Kabla ya kujibu lolote nilitaka kujua siku ile ilikuwaje. Nilimuuliza kijana wa dukani peke yake, kisha fundi wa cherehani peke yake, kwa sababu ukiwauliza pamoja watapatana kauli bila hata kukusudia. Halafu nikatazama malipo ya M-Pesa ya siku ile. Shilingi 1,000 ziliingia mara moja, mchana. Doti ilikuwa 900, na kupinda ni 50 kila kipande, vipande viwili. Kwa hivyo bei ilikuwa sawa, na karatasi ya bei imebandikwa juu ya meza ya fundi. Kungoja nako kulikuwa kweli: fundi alikiri alikuwa na mlima wa leso mbele yake na hakumwambia mtu. Kuhusu rangi, kijana akaapa kwamba alimwambia mama yule aifue leso peke yake. Yeye ameandika kana kwamba hakuambiwa kitu.

Basi nikawa na mashtaka ya aina tatu, na kila aina ina jibu lake. Watu wengi hapa ndipo wanapoteleza, kwa kuyajibu yote kwa sauti moja.

La kungoja ni kweli, kwa hivyo linakubaliwa mwanzo kabisa na kwa ukamilifu wake. Usiandike "samahani kwa usumbufu wowote uliojitokeza". Huo ni msemo wa benki. Taja chenyewe: ulingoja sana, na hakuna aliyekwambia foleni ni ndefu. Msomaji akiona umetaja kitu kwa jina lake, anajua umefuatilia.

La bei si kweli, na linaweza kuthibitishwa na yeyote atakayeingia dukani. Hilo ndilo la kusahihisha, kwa sentensi moja yenye hesabu ndani yake. Usiongeze "ungeuliza kwanza" wala "bei imeandikwa, labda hukuiona". Hesabu ikishasema, wewe nyamaza.

Lililonisumbua ni la rangi. Hapo ni neno lake na neno la kijana wangu, wala hakuna shahidi. Ukiandika "uliambiwa", umemwita mwongo mbele za watu, naye atarudi na maneno makali zaidi. Ukiandika "hatukukwambia", umemvunja kijana wako kwa jambo usilolijua. Niliacha kabisa swali la nani alisema nini, nikaeleza jambo lenyewe: leso mpya nyekundu hutoa rangi mafuo ya mwanzo, na ni juu yetu kuhakikisha mteja haondoki bila kulijua hilo. Sentensi hiyo ni kweli, awe kijana alisema au hakusema. Na atakayenunua leso nyekundu kesho ameshapata faida.

Neno "wezi" sikuligusa. Ukilijibu, unalirudia, na atakayesoma jibu lako pekee atajiuliza wezi wametoka wapi.

Jibu nililiandika kwanza pembeni kwenye simu, nikaliacha mpaka baada ya kufuturu, kisha nikamsomea dada yangu. Alikata sentensi mbili ambazo mimi niliziona za hekima na yeye akaziona za kisirani. Lililobaki ni hili:

"Dada yetu, utuwie radhi. Siku ile ulingoja sana leso zako zipindwe, na hakuna aliyekwambia mapema kwamba foleni ya fundi ilikuwa ndefu. Hilo ni kosa letu. Kanzu ya mzee nayo imetusikitisha. Leso mpya nyekundu hutoa rangi mafuo ya mwanzo, hufaa ifuliwe peke yake kwa maji baridi, na ni juu yetu kuhakikisha kila mteja analijua hilo kabla hajaondoka. Kuhusu bei, doti ilikuwa 900 na kupinda 50 kwa kila kipande, ndiyo jumla ikawa 1,000. Tafadhali pitia dukani na kanzu tuitazame, au piga nambari ya duka uniulizie mimi, mwenye duka."

Tazama kwamba sikumwahidi punguzo wala zawadi. Google hairuhusu kumpa mteja chochote ili abadilishe au aondoe maoni, na hata ingeruhusu, kila msomaji mwenye hasira angejua duka hili linalipa ukilitukana. La kanzu tutalizungumza ana kwa ana. Pia sikutaja jina lake la M-Pesa, ingawa nililiona. Kwenye maoni alitumia jina la kubuni, na kumfichua ni kuichezea sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data, mbali na kwamba ni utovu wa adabu.

Kujibu kwenyewe ni kazi ndogo: fungua wasifu wa duka ukiwa kwenye akaunti yako, nenda kwenye maoni, bonyeza `Reply`. Unapata jibu moja tu kwa kila maoni, na unaweza kulihariri baadaye. Mteja hupata taarifa kwamba umemjibu, naye pia anaweza kubadilisha maneno yake wakati wowote huku jibu lako limebaki palepale. Ndiyo maana sinukuu maneno ya mteja ndani ya jibu. Akiyabadilisha, matusi yatabaki kwangu.

Kuna kitufe cha `Report review`, na wenzangu wengi mtaani hukikimbilia. Kinafaa kwa matusi ya kikabila, vitisho, matangazo, au mtu ambaye hajawahi kufika kwako. Maoni yasiyo ya haki ya mteja wa kweli hayaondolewi kwa sababu wewe hukubaliani nayo; Google haiamui kesi ya muuzaji na mnunuzi. Wala usiwaambie binamu zako waje kumwaga nyota tano usiku mmoja. Hizo ndizo zinazoweza kuondolewa, na wasomaji hutambua haraka akaunti ambazo hazijawahi kusifu duka jingine lolote.

Mama yule alikuja baada ya Idi, kanzu ndani ya mfuko. Doa lilikuwa la waridi, mkono wa kushoto. Tuliongea, nikagharamia dobi, tukaagana vizuri. Nyota haikubadilika, nami sikumuomba aibadilishe. Fundi sasa ana ubao mdogo, na huandika hapo leso ulizomletea saa hizi zitakuwa tayari saa ngapi.