Fimbo Mbili Mfululizo: Kagua Nodi ya Kati Kwanza

Programu yangu ya kwanza ya elementi kikomo ilikwama kwenye kazi ninayoieleza hapa, nami nilipoteza jioni nzima nikitafuta kosa mahali lisipokuwapo.

Fimbo ya feleji yenye urefu wa milimita 500 imefungwa ukutani, na mwisho wake umeunganishwa na fimbo ya alumini ya milimita 350. Zote zina eneo la mkato la milimita mraba 400, na ncha huru inavutwa kwa kilonyutoni 24. Ukakamavu wa kila fimbo ni EA/L, yaani moduli ya Young mara eneo la mkato, kugawanya kwa urefu. Kwa moduli ya Young ya gigapaskali 200, feleji inatoa kilonyutoni 160 kwa milimita. Kwa gigapaskali 70, alumini inatoa 80.

Nodi ya 1 iko ukutani, ya 2 kwenye kiungo, na ya 3 kwenye ncha. Nodi ya 2 inashikwa na fimbo zote mbili, kwa hiyo nafasi yake katika matriksi ya ukakamavu K hupokea ukakamavu wa zote: 160 + 80 = 240.

```
K = [ 160  -160    0
     -160   240  -80
        0   -80   80 ]
```

Mistari sahihi ya kuijaza K ni hii, ambamo `ke1` ni matriksi ya feleji na `ke2` ya alumini; mimi niliandika `=` mahali pa `+=`:

```
K[0:2, 0:2] += ke1
K[1:3, 1:3] += ke2
```

Elementi ya pili ikafuta mchango wa ile ya kwanza, na nafasi ya kati ikabaki 80. Nilipoondoa safu za nodi ya 1, iliyobaki ilikuwa matriksi ya alumini peke yake, kana kwamba fimbo hiyo inaelea hewani bila kushikwa na chochote, na kompyuta ikaandika `Singular matrix`. Ujumbe huohuo hutokea mtu anaposahau kuifunga nodi ya ukutani, na ndiyo maana nilihangaika na ukuta ilhali ukuta ulikuwa sawa.

Tangu hapo, kabla ya kufunga nodi yoyote, hujumlisha kila safu mlalo ya K, kwa sababu nodi zote zikisogea kwa kiasi kilekile hakuna fimbo inayorefuka, hivyo kila jumla lazima iwe sifuri. Safu yangu ya pili ilitoa −160, yaani ukakamavu uleule wa feleji uliopotea. Jumla zote zikiwa sifuri na ujumbe ule bado upo, hapo ndipo pa kushuku ukuta.

Baada ya kusahihisha, u ikiwa msogeo wa nodi, mlinganyo wa kiungo ni 240u₂ − 80u₃ = 0, na wa ncha ni −80u₂ + 80u₃ = 24. Wa kwanza unasema u₃ ni mara tatu ya u₂. Kwa hiyo u₂ ni milimita 0.15 na u₃ ni 0.45. Zidisha −160 kwa 0.15, upate −24, ambayo ndiyo kani ya ukuta inayosawazisha mzigo.

Hakuna faida ya kuigawa kila fimbo vipande kumi hapa, kwa kuwa mkato haubadiliki na mzigo uko kwenye nodi tu, na misogeo ya nodi hizi itabaki ileile. Fimbo inayopungua unene polepole ndiyo inayohitaji elementi zaidi.